Kumwandikia bosi wa zamani baada ya miaka ya kimya, na kumuuliza kuhusu nafasi za kazi

Ujumbe ulifika asubuhi kutoka kwa mtu niliyewahi kumsimamia ghalani: “Shikamoo bosi.” Haukuwa na neno jingine. Nikaitikia na kumuuliza hali. Mchana mzima ukapita. Jioni akaandika, “Sijambo, habari za siku nyingi?” Nikajibu kuwa ni nzuri. Siku ya pili akauliza habari za nyumbani, siku ya tatu akasema amenikumbuka sana. Siku ya nne ndipo alipoandika, “Bosi, hapo kwenu hakuna kazi?”

Tangu salamu ya kwanza nilijua kuna jambo nyuma yake, na kila siku iliyopita nilizidi kungoja lijitokeze. Lilipojitokeza nilimjibu kuwa hakuna, na ni kweli hapakuwa na nafasi iliyotangazwa. Sikujisumbua kufikiri zaidi ya hapo, na leo najuta, kwa sababu alikuwa mchapakazi.

Mwezi huohuo akaniandikia mtu mwingine wa ghala lilelile nililokuwa nikilisimamia zamani. Naye tulikuwa hatujasemezana kwa miaka 6. Aliandika ujumbe mmoja tu, nami nilimpigia simu kabla wiki haijaisha. Kwa uwezo wa kazi, wawili hawa sikuona wa kumpita mwenzake. Kilichowatenganisha ni namna walivyoomba, na kwa kuwa mimi ndiye niliyepokea jumbe zote mbili, nitaeleza hatua alizopitia huyu wa pili pamoja na kile kilichokuwa kikipita kichwani mwangu kila alipopiga hatua.

Kwanza, kuhusu hicho kimya

Wengi hushindwa kuandika kwa sababu wanadhani kimya kimeshaua uhusiano. Nimesikia watu wakisema, “Miaka yote hii sijamjulia hali, leo nina shida ndiyo nimkumbuke?” Aibu hiyo naielewa. Lakini tangu mwaka 1973, mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter alipochapisha matokeo ya kuwahoji watu waliopata kazi mpya kupitia mtu wanayemjua, tunafahamu kuwa picha halisi ni tofauti. Asilimia 16.7 tu ndio waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Zaidi ya nusu walikuwa wakionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 walionana naye kwa nadra sana. Maelezo yake ni mepesi kuelewa: walio karibu nawe wanajua yaleyale unayoyajua, na nafasi wanazozisikia ni zilezile ulizokwisha kuzisikia.

Mwaka 2011 watafiti Daniel Levin, Jorge Walter na Keith Murnighan waliwatazama watu wa ngazi za juu kazini waliotakiwa kuwarudia watu wao wa zamani, ambao walikuwa wamepotezana nao, na kuwaomba ushauri kuhusu kazi waliyokuwa nayo mkononi. Ushauri walioupata ulikuwa wa manufaa sana, kwa sababu yule wa zamani amekwisha kukutana na mengi mapya huku imani kati yao ikiwa haijayeyuka. Bosi wa zamani ana hilo na zaidi, maana amekuona ukifanya kazi. Hahitaji kuambiwa kama unachelewa au unawahi, anajua.

Kwa hiyo kimya kinahitaji sentensi moja ya kukiri. Kinachoharibu mambo ni kuificha shida nyuma ya salamu za siku nne.

Kabla hujaandika

Yako mambo matatu ya kuyaweka sawa. Mwandishi wangu wa pili alitumia jioni mbili kwa kazi hii, kama alivyonieleza baadaye.

La kwanza ni kujua bosi yuko wapi sasa. Tazama ukurasa wake wa LinkedIn kama anao, au muulize mfanyakazi mwenzako wa zamani ambaye bado anawasiliana naye. Usiitegemee tu namba ya simu uliyoihifadhi zamani, kwani namba isiyotumika kwa muda mrefu hugawiwa mtu mwingine. Angalia jina na picha vinavyotokea WhatsApp kabla ya kuandika habari zako za ndani. Ukigundua kuwa bosi mwenyewe ameachishwa kazi, au amefiwa, ujumbe lazima ubadilike: mpe pole au mjulie hali peke yake, na ombi lako lisubiri.

La pili ni kukumbuka kwa ukweli mlivyoachana. Kama uliondoka vizuri, hakuna la kusema. Kama uliondoka ghafla bila kutoa notisi, yeye hajasahau, maana ndiye aliyebaki akipanga zamu upya. Litaje kwa sentensi moja na uombe radhi. Kama uliachishwa kwa kosa la uaminifu, nakushauri usipite njia hii kwa bosi huyo. Yapo pia makampuni ambayo hubandika alama kwenye jalada la mfanyakazi anapoondoka, kuonyesha kama anaweza kuajiriwa tena au la. Ikiwa bosi bado yuko palepale na unataka kurudi, muulize mapema kama jina lako lina kizuizi, kabla hamjafika mbali.

La tatu ndilo ambalo watu hulikosea zaidi: ujue unatafuta nini. Aliyeniandikia kwanza alipoona nimesema hakuna, aliongeza, “Hata kazi yoyote bosi.” Alidhani amepanua mlango, lakini kwangu mimi alikuwa ameufunga. Mtu akiniambia anatafuta usimamizi wa ghala, papo hapo nyuso tatu hunijia: fulani anapanua stoo yake, fulani msimamizi wake anastaafu, fulani analalamika kila siku kuhusu upotevu wa bidhaa. Nikiambiwa “yoyote”, hakuna uso unaonijia, na sina cha kumwambia mtu nikimpigia simu kwa niaba yako. Taja aina ya kazi, ngazi yake, na lini unaweza kuanza. Kazi za aina mbili zinazofanana zinatosha.

Ikiwa bado uko kazini, tumia simu yako na barua pepe yako binafsi, kamwe usitumie za ofisi, na umwambie bosi wa zamani waziwazi kwamba kwako hawajui. Mameneja wa fani moja hufahamiana. Anaweza kukutaja kwa nia njema mbele ya mtu ambaye jioni hiyo anakula meza moja na bosi wako wa sasa.

Ujumbe wa kwanza

Huu hapa, nimeuweka kwa ruhusa yake na kuondoa jina:

> Shikamoo bosi. Ni mimi, niliyekuwa karani wa stoo zamu ya usiku kule ghalani. Najua ni miaka 6 sijakujulia hali, na niliondoka bila kukuaga inavyopasa. Naomba radhi kwa hilo.
>
> Mwezi uliopita mfumo ulizima katikati ya hesabu ya bidhaa. Nikawagawa vijana wangu makundi mawili, kila kundi na kadi zake, wasionyeshane, kama ulivyotufundisha usiku ule. Hesabu zikatoka sawa isipokuwa rafu mbili. Nikakukumbuka.
>
> Nakuandikia pia kwa sababu natafuta kazi. Ghala tulilopo litafungwa mwishoni mwa mwezi wa tisa. Miaka 4 iliyopita nimekuwa msimamizi, nina watu 12 chini yangu. Natafuta nafasi kama hiyo, au ya udhibiti wa bidhaa. Sitarajii uwe na nafasi mkononi. Naomba dakika 15 za simu, siku yoyote inayokufaa, nikuulize unavyoiona fani yetu sasa na wapi ungenishauri nikabishe hodi. Kama umebanwa na kazi nitaelewa kabisa.

Nilipoufungua nilijua ni nani kabla ya kufika mstari wa pili. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu aliyesimamia mamia ya watu. Jina peke yake halitoshi. Taja cheo chako cha wakati ule, zamu, au kazi mliyoifanya pamoja.

Alikiri kimya kwa sentensi mbili, akapita. Wapo wanaoandika aya nzima ya kujilaumu, nami nikiisoma najikuta nina kazi ya kuwabembeleza kabla sijajua wanachotaka.

Kisha kile kisa cha hesabu. Hakunisifu. Hakusema nilikuwa bosi bora duniani, maneno ambayo yeyote anaweza kumwandikia yeyote. Alinionyesha kitu nilichomfundisha kikifanya kazi mikononi mwake, na hapohapo, bila kujisifu, nikaona kwamba sasa anaongoza watu, kwamba mfumo ukizima hatishiki, na kwamba zile rafu mbili zilizotofautiana hakuzificha. Tafuta kumbukumbu ya aina hii. Iwe ndogo, ya kweli, na iwe ya ninyi wawili. Kama umekaa kitako na hukuipata, taja kazi moja mahususi mliyoimaliza pamoja na useme imekusaidia vipi baadaye.

Ombi lilikuwa ndani ya ujumbe uleule. Najua kwa desturi yetu mtu haanzi na shida. Huanza na salamu, hali, watoto, ndipo neno lije. Mkikaa uso kwa uso hayo yote humalizika kwa dakika tatu na hayamchoshi mtu. Kwenye simu, salamu inayongoja jibu ndipo ije salamu nyingine huchukua siku, na mwisho wake mpokeaji huhisi kuwa zile salamu zote zilikuwa chambo. Salimia vizuri, kwa heshima yote, lakini umalize neno lako palepale. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Aliomba dakika 15, na hakuomba kazi. Hapa naomba nieleweke, kwa sababu kuna wanaofundisha kwamba ujifanye hutafuti kazi, unataka ushauri tu. Huo ni uongo, na bosi huunusa. Yeye alisema wazi kwamba anatafuta. Alichofanya ni kuomba kitu nilichokuwa nacho. Meneja mara nyingi hana nafasi ya kugawa: nafasi huhitaji bajeti iliyopitishwa, kibali cha juu, tangazo, na watu wa rasilimali watu. Ukimuuliza “una kazi?”, jibu la kweli karibu kila mara ni hapana, na mazungumzo yameisha. Ukimuuliza aonavyo fani na nani wa kumbishia hodi, hata siku isiyo na nafasi ana la kusema.

Mwisho, alinipa mlango wa kutokea. Mtu anayeweza kukataa bila aibu hujibu kwa urahisi zaidi kuliko aliyebanwa ukutani.

Hakuambatanisha wasifu wake wa kazi. Vema. Wasifu ukitangulia, ujumbe hugeuka kuwa maombi ya kazi, nami huyapeleka pale yanapopelekwa maombi, yaani kwa watu wa rasilimali watu, bila hata kuyasoma.

Upitishe wapi

Tumia njia mliyokuwa mkiitumia zamani, ilimradi ni yake binafsi. Barua pepe ya ofisi yake ninaiogopa kidogo kwa jambo hili, maana huenda msaidizi wake huisoma. Kama namba umeipoteza na mmebaki na LinkedIn tu, fahamu kwamba nafasi ya maneno kwenye ombi la kuunganishwa ni finyu, herufi 300 au pungufu, kwa hiyo ujumbe mzima hauingii. Andika wewe ni nani, mlifanya wapi kazi, na kwamba ungependa kumwandikia neno kuhusu kazi. Akikubali, tuma ujumbe kamili siku hiyohiyo. Usimwache akikaa na ombi lililokubaliwa na kimya kipya juu yake.

Usipige simu bila kutangulia kuandika, na usitume sauti iliyorekodiwa. Sauti ya dakika nne kutoka kwa mtu wa miaka 6 iliyopita huahirishwa hadi jioni, na jioni husahaulika. Na kama unajua ratiba ya kazi yake, iheshimu: mhasibu usimwandikie wakati wa kufunga hesabu za mwezi, mtu wa ghala usimwandikie wiki ya kuhesabu mzigo.

Asipojibu

Alama kwamba ujumbe umesomwa haina maana kuwa umekataliwa. Mimi mwenyewe nilimjibu baada ya siku 4, na siku hizo zote ujumbe ulionekana umesomwa. Nilikuwa nimeufungua kwenye foleni, nikataka kuujibu kwa utulivu, ukafunikwa na mingine.

Subiri siku 7 hadi 10. Kisha andika mara moja tena, kifupi, na uongeze kitu kipya badala ya kuuliza “umeona ujumbe wangu?” Kwa mfano: “Bosi, nilikuandikia wiki iliyopita. Nimeona kampuni fulani wametangaza nafasi ya msimamizi wa ghala na ninafikiria kuomba. Kama unaifahamu, neno lako moja lingenisaidia.” Swali la namna hii linajibika kwa sentensi moja, na mara nyingi hiyo sentensi ndiyo inayofungua mengine.

Usipopata jibu hata mara ya pili, acha. Usimtume mtu amuulize kwa nini hajibu. Baada ya miezi kadhaa, ukiwa na habari njema au kisa kingine cha kweli, mwandikie bila kuomba kitu.

Yapo pia majibu yanayofanana na ndiyo lakini sivyo. “Nitumie sivii” na “nitakuangalizia” ndiyo ya kawaida zaidi. Nimeyatoa mimi mwenyewe, na nakiri kuwa mara nyingi yalikuwa njia ya upole ya kufunga mazungumzo. Namna ya kutambua ni kuona kama ameuliza kitu mahususi. Bosi anayeuliza “ulitumia mfumo gani?” au “unaweza kuhama?” tayari ana mtu kichwani. Anayesema tu “tuma” huenda hana. Kwa vyovyote, tuma siku hiyohiyo, faili likiwa na jina lako na cheo unachotafuta, pamoja na mistari mitatu ya maelezo, kisha uliza: “Naweza kukukumbusha baada ya wiki 2?” Akikubali, ukumbusho wako una kibali chake.

Dakika 15 za simu

Nilipompigia, baada ya kujuliana hali kwa dakika moja hivi, aliingia kwenye maswali yake. Alikuwa ameyaandika.

La kwanza: siku hizi naona kazi za usimamizi wa ghala zinapatikana wapi zaidi? Nikamwambia ninavyoona mimi, kwamba maghala yanayosafirisha vifurushi vya wateja mmoja mmoja yanatafuta watu kuliko yale ya jumla, na kwamba huko kasi ya kazi ni nyingine.

La pili ndilo lililonifanya nikae vizuri kitini: “Mtu akiutazama uzoefu wangu, ataona nimepungukiwa wapi?” Nilimwambia nina wasiwasi kwamba aliondoka kwangu akiwa anatumia kadi na daftari, na kwamba maghala ya sasa yanataka mtu aliyezoea skana za mkononi na mfumo unaoonyesha kila bidhaa ipo rafu gani. Akaniambia ameutumia mfumo wa namna hiyo kwa miaka 3. Ilikuwa haimo popote katika wasifu wake! Aliuona kuwa jambo la kawaida. Kwa swali hilo moja aliondoa shaka iliyokuwa kichwani mwangu, na akajua cha kuongeza kwenye karatasi kabla hajaonana na watu wengine wenye shaka ileile.

La tatu: “Yupo mtu unayeona ni vema nizungumze naye? Na nikimwandikia, naweza kutaja jina lako?” Tazama alivyouliza. Kuniomba nimuunganishe kungekuwa kunitwika kazi: nimtafute mtu, nimweleze, nisimamie. Kuomba ruhusa ya kutaja jina ni kuomba neno moja. Nilimpa majina mawili. Na kwa kuwa alikuwa ameniomba kidogo, nikajitolea mwenyewe kumtangulizia neno kwa mmoja wao.

Dakika ya 14 alisema, “Bosi, muda wako unaisha.” Nilitaka kuendelea, tukaendelea. Lakini uamuzi ulikuwa wangu.

Aya ya kupeleka mbele

Jioni ileile akanitumia maneno haya, na juu yake mstari mmoja wa shukrani:

> Msimamizi wa ghala, miaka 10 kazini, miaka 4 ya mwisho akiongoza watu 12 katika zamu mbili. Anatumia skana za mkononi na mfumo wa kufuatilia bidhaa kwa rafu. Katika miaka 2 amepunguza tofauti kati ya hesabu ya mfumo na hesabu ya mkono kutoka asilimia 4 hadi chini ya 1. Anatafuta usimamizi wa ghala au udhibiti wa bidhaa, na anaweza kuanza mwezi wa kumi.

Nilichofanya ni kubonyeza na kuipeleka mbele, nikiongeza kwa mkono wangu, “Huyu namjua, tulifanya kazi pamoja.” Sekunde 20. Kama angenitumia ujumbe wenye salamu zangu, habari za watoto na radhi za miaka 6, ningelazimika kuandika upya, na kuandika upya ndiko kunakofanya mambo yalale. Aya ya namna hii iandikwe ikikutaja kana kwamba mtu mwingine anakuelezea, iwe na tarakimu mbili au tatu za kweli ambazo ukiulizwa unaweza kuzitetea, na isiwe na lolote ambalo usingependa mgeni alisome.

Kama nafasi ipo palepale kwa bosi

Hapa kuna mtego unaowaponza wengi kwa haraka zao. Mtu akiambiwa kuna nafasi, hukimbilia tovuti ya kampuni, akajaza fomu na kutuma. Katika makampuni mengi yenye utaratibu wa mapendekezo ya ndani, mfumo huandika jina lako limeingia kwa njia gani mara ya kwanza. Ukishaingia mwenyewe kupitia tangazo, bosi akija kukupendekeza anaweza kuambiwa jina hili limo tayari, na pendekezo lake lisihesabiwe. Kwa hiyo kabla hujajaza chochote muulize, “Nijaze fomu, au wewe utaniingiza kwanza?” Mara nyingi atakutumia kiungo maalumu, au atawapelekea watu wa rasilimali watu barua pepe yako.

Ikitokea kuwa yeye mwenyewe atakuwa kwenye jopo la usaili, atalazimika kusema kwamba anakufahamu, na huenda akaacha kuzungumza nawe mpaka mchakato uishe. Usikichukulie kimya hicho kuwa ni chuki, na usimtumie ujumbe wa kuuliza maswali yatakayoulizwa.

Jambo jingine, linalowahusu tu wale ambao bado wako katika kampuni ambayo bosi aliihama. Mikataba ya baadhi ya mameneja huwakataza, kwa kipindi fulani baada ya kuondoka, kuwashawishi wafanyakazi wa kule walikotoka wawafuate. Kumtafuta wewe kwanza si sawa na yeye kukushawishi, lakini kila mkataba una maneno yake na kila nchi ina sheria yake. Akikwambia, “Siwezi kulizungumza hilo kwa sasa,” mwamini na usimbane. Unaweza kuuliza tu ni lini itakuwa sawa.

Baada ya hapo

Kati ya majina mawili niliyompa, mmoja hakumjibu kabisa. Wa pili alimwita kwenye usaili, akashindwa, nafasi ikaenda kwa mtu wa ndani. Alinijulisha siku hiyohiyo kwa mistari miwili: ameshukuru kwa nafasi ya kuonana nao, na walimwambia alikuwa wa pili. Sikuwa nimeombwa kitu, lakini ule ujumbe ulinifanya nimpigie yule aliyemsaili. Akaniambia walimpenda, na kwamba mwenzao wa tawi jingine alikuwa anatafuta mtu wa udhibiti wa bidhaa. Nafasi hiyo ilikuwa bado haijatangazwa. Alianza kazi huko wiki ya pili ya mwezi wa kumi.

Wengi hupotea katikati ya hatua hizi. Nimewahi kutoa majina kwa watu na nisisikie tena habari zao, wala nisijue kama walimpata yule niliyemtaja au la. Wakirudi baada ya mwaka kuomba jina jingine, mkono huwa mzito. Mjulishe bosi kila kinachotokana na neno lake: umemwandikia fulani, amejibu, hajajibu, umesailiwa, umekosa, umepata. Mistari miwili inatosha, na usiweke ombi jipya ndani yake.

Yeye sasa huniandikia mara mbili kwa mwaka, kila wanapomaliza hesabu kubwa ya bidhaa. Huanza na shikamoo, kisha ananitajia rafu zilizotofautiana.

Yule wa kwanza naye nilimtafuta mwenyewe baadaye. Nilimuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza siku ile ya nne: unatafuta kazi ya namna gani hasa? Alikuwa dereva wa foklifti mwenye leseni, na hakuwa amelitaja hilo hata mara moja.